Kanuni ya Kwenda Peke Yako

Kanuni zile hawakuletewa na mtu. Waliziandika wenyewe, kwa midomo yao, na ndiyo maana Wilkista Adoyo alizikasirikia kuliko ambavyo angezikasirikia za serikali.

Ilikuwa mwaka 1934, nzige wamekwisha kupita na kusahaulika, chai ya Kericho inapandwa kilima baada ya kilima. Padre Tindall, aliyesimamia shule zote za misheni katika mashamba ya chai, aliwaita walimu wake wakati wa likizo, akawakalisha kanisani kwenye mabenchi, akasema, "Nyinyi si vijana wa kutumwa tena. Nyinyi ni walimu. Sitaki kuwaandikia sheria mimi. Semeni nyinyi, mwalimu aishi vipi, mtoto aadhibiwe vipi, na mwenzenu akikosa mfanye nini. Mkikubaliana mtatia sahihi, na mimi nitazifuata kama nyinyi."

Wee! Nani hapo hakuvimba kichwa? Walijadiliana siku nzima. Mwalimu asinywe pombe. Asifunge shule bila ruhusa akaenda zake sokoni Sosiot. Asiwatume watoto kumlimia shamba lake. Asimwite mwanafunzi wa kike nyumbani kwake. Ikaja habari ya fimbo, wakagombana mpaka mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati. Mwishowe wakakata shauri: fimbo ataishika mwalimu mkuu peke yake, mwalimu wa pili asimame awe shahidi, na watoto wa kike wasipigwe kabisa, wapewe kazi ya kufagia au kuchota maji.

Aliyeandika yote hayo alikuwa Mosoti, mwalimu wa darasa la pili shuleni kwa kina Wilkista, Mkisii mmoja mwembamba mwenye mwandiko mzuri kuliko wa padre mwenyewe. Hakuwa karani tu. Kanuni moja ilikuwa yake, aliitoa yeye akaisimamia yeye: mwalimu atakayeona mwenzake anavunja kanuni naye akanyamaza, kosa ni la wote wawili. Walimu waliipigia makofi. Wakaipa jina, kanuni ya macho.

Halafu ikabaki moja. Ukiona kosa, umwendee nani? Hapo akasimama Phelix Obiero, mwalimu mkuu wa shule ya shamba alikofundisha Wilkista. Mtu mnene, shati jeupe limepigwa pasi, sauti ya kuongoza nyimbo.

"Sisi ni Wakristo," alisema. "Ndugu akikukosea unafanya nini kanisani? Unakwenda kwake kwanza, peke yako, mnasema. Akikataa, unachukua wawili mnakwenda tena. Akikataa tena, ndiyo unaleta mbele ya wote. Kwa nini ya shuleni iwe tofauti? Tukimbilie padre kila siku, kama watoto wanaosemeana?"

Vichwa vyote viliitikia. Ni kweli, ndivyo walivyolelewa na kanisa, kila mmoja wao, tangu siku ya ubatizo. Hata Wilkista kichwa chake kiliitikia. Lakini kitu kilimkwaruza rohoni, akasimama, mwanamke peke yake katika kanisa lile la wanaume.

"Hiyo ni ya mwalimu kumkosea mwalimu," alisema. "Na mtoto je? Mwalimu akimuumiza mtoto, mtoto aseme kwa nani?"

Wakacheka! Jamani, walicheka mpaka Gichana, mwalimu wa useremala asiyecheka ovyo, akafunika mdomo. Obiero akasema, "Dada, leo mtoto amshtaki mwalimu, kesho atamshtaki baba yake." Padre naye akatabasamu akitazama saa yake. Wakatia sahihi. Wilkista akatia sahihi.

*

Muhula ulipofika katikati, alasiri moja ya kushona, Nyatichi alishindwa kushika sindano.

Wilkista alikuwa mjane. Mume wake alikufa kwa homa ya mapafu akiwa fundi wa mashine kiwandani, naye akabaki kwenye nyumba ya mwalimu kando ya shule, asubuhi akifundisha wadogo kusoma, alasiri akiwakusanya wasichana wachache wa shule kwa kushona. Nyatichi alikuwa wa darasa la pili, binti wa Nyang'au aliyefanya kazi kiwandani kutandaza majani yanyauke. Mtoto wa miaka kama kumi, mwepesi wa mikono. Pindo lake lilikuwa limenyooka kuliko la Wilkista mwenyewe. Siku hiyo sindano ilianguka, akaiokota kwa mkono wa kushoto, ikaanguka tena.

"Leta huo mkono."

Mtoto akauficha chini ya kitambaa.

"Nyatichi. Leta, mama."

Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu, vimegeuka rangi, na kimoja kilikuwa kimepinda pasipo na kiungo.

"Nani?"

Nyatichi alitazama dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu, kisha haraka haraka akatazama mlango wa darasa la Mosoti, kisha akatazama chini. Msichana mwingine ndiye aliyenong'ona: "Alichelewa. Alikuwa anamsaidia mama yake kuchuma. Mwalimu mkuu alimpiga na ile rula ya mti. Kwa ubavu wake."

Ala! Ile rula Wilkista aliijua. Gichana aliichonga kwa mti wa mzeituni wa msituni, nzito, ya kupigia mistari ubaoni. Ubavu wake ulikuwa mkali. Kumbe mtu mzima, baba wa watoto wake mwenyewe, anaweza kuichukua hiyo akavunja kidole cha mtoto wa watu kwa sababu mtoto alikuwa shambani anachuma chai na mama yake alfajiri!

Alimpeleka kwa mhudumu wa dawa wa shamba. Mhudumu alivishika vile vidole, Nyatichi akapiga kelele, akasema kimoja kimevunjika. Akakifunga na kijiti.

Wilkista alitaka kushika njia kwenda kwa padre saa ile ile. Viatu alikwisha kuvaa. Lakini alisimama mlangoni, na hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, kwa maana alikumbuka sahihi yake. Kwenda kwake kwanza, peke yako. Akiruka hatua, Obiero atasema nini kwenye baraza la walimu? Atasema huyu mama amevunja kanuni, amenisengenya, na mambo yatageuka kuwa ya Wilkista, si ya kidole. Alimfahamu huyo mtu. Akavua viatu, akavaa tena, akaenda kwa Obiero.

Obiero alimpokea vizuri mno. Alimwekea kiti, akamwita mke wake alete chai ya maziwa, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza, nyamera," alisema, akimwita dada kwa Kijaluo. "Hiyo ndiyo kanuni. Sasa nisikilize. Mimi sikumpiga na fimbo. Kanuni inasema wa kike asipigwe fimbo. Nilimgusa na rula kidogo, aamke. Pengine ameanguka baadaye. Hawa watoto wanabeba kuni."

"Kidole kimevunjika, mwalimu."

"Nitaangalia jambo hili. Niachie."

"Utasema mbele ya walimu kwamba ulimpiga?"

"Nimesema nitaangalia." Akatabasamu. "Sisi watu wa ziwani huku ni wachache. Tusichomane."

Wilkista hakunywa ile chai. Alirudi nyumbani akitukana kimoyomoyo kwa lugha mbili.

*

Kesho yake Nyatichi hakuja shule. Wala kesho kutwa.

Wilkista alikwenda laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu moja chini ya kiwanda. Nyang'au alikuwa ametoka zamu, amekaa kizingitini akijikuna kifundo cha mguu. Alipomwona mwalimu alisimama, na hata salamu haijaisha alikwisha kusema.

"Alianguka na kuni. Mtoto alianguka na kuni, mwalimu."

"Mimi sijakuuliza kitu, baba Nyatichi."

"Basi nimekujibu." Hakumtazama usoni. "Mwalimu mkuu alikuja hapa na nyapara wa kiwanda. Ni marafiki. Tuliongea vizuri. Nyumba hii si yangu, ni ya kampuni. Alianguka na kuni."

Nyuma yake, gizani ndani ya nyumba, Wilkista aliona kitambaa cheupe cha mkono wa mtoto. Hakiendi, hakirudi. Alitaka kuingia, lakini ataingiaje nyumba ya watu kwa nguvu? Alirudi nyuma kama mwizi, na alipofika kwenye mfereji, alimkuta mama Nyatichi anamfuata. Jina lake Bitutu. Alikuwa na kikapu mgongoni cha kuchumia, majani yamemganda mikononi, weusi wa chai hautoki hata ukisugua na mchanga.

"Mwalimu," alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa na hasira kiasi cha kutopaza sauti. "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua, mama."

"Ukamwambia nani?"

"Nilimwambia yeye kwanza. Ni kanuni yetu. Unamwendea mwenye kosa peke yako, kabla ya..."

"Yeye." Bitutu alitua kikapu. "Nyoka ameingia nyumbani, nyinyi mnamwendea nyoka mnamwambia tumekuona. Kisha mnarudi kulala. Alikuja hapa usiku huo huo, mwalimu, wewe hujamaliza hata kuvua nguo. Mume wangu alikuwa amekasirika, alikuwa amechukua panga. Walipoondoka akawa ni mtu wa kuni. Muda huo nani alimpa? Nyinyi mlimpa. Mliuandika."

Maneno hayo yalimuuma Wilkista kuliko tusi.

"Mtoto wangu mmemuuliza?" Bitutu akauliza. "Hata mmoja wenu?"

Akabeba kikapu chake akaenda.

*

Haya, hatua ya pili, wawili. Wilkista alimchukua Gichana, ambaye aliposikia rula yake imefanya nini alisema tu, "Twende." Wa pili alikuwa lazima awe Mosoti. Kanuni ya fimbo ilitaka mwalimu wa pili awe shahidi, na mwalimu wa pili pale shuleni alikuwa yeye. Nyatichi alikuwa wa darasa lake. Tena Mkisii mwenzake!

Alimkuta akifuta ubao uliokwisha kufutika.

"Ulikuwepo," Wilkista alisema.

"Nilikuwepo."

"Uliona?"

Mosoti aliendelea kufuta. "Wewe hujui, dada. Hujui nimekaa vipi. Siku ile ningesema saa ile ile, ningekuwa shahidi. Sasa siku zimepita. Nikisema leo niliona, kanuni ya macho inanikamata. Aliyeona akanyamaza, kosa ni la wote wawili. Niliiandika kwa mkono wangu! Nina mke, nina mama yangu kule nyumbani anayekula kwa mshahara huu. Nikinyamaza nina kosa, nikisema nina kosa."

"Basi sema! Kama yote ni kosa, sema!"

"Ni rahisi kwako."

"Rahisi?" Hapo Wilkista alimlipukia, watoto wote wa darasa la kwanza wakasikia ng'ambo ya ukuta. "Rahisi! Wanaume wa ziwani huko kiwandani hawanisalimu tena. Wanasema namuuza ndugu. Mke wa Obiero ameacha kunipa moto. Wewe umepoteza nini mpaka sasa? Umepoteza nini, Mosoti, zaidi ya heshima?"

Mosoti alikuja nao. Lakini walipofika mbele ya Obiero, yule mnene alimgeukia kwa upole, kama vile anamuuliza habari za nyumbani.

"Mwalimu Mosoti. Wewe ndiye shahidi kwa mujibu wa kanuni. Uliniona nampiga fimbo mtoto wa kike?"

Mosoti alitazama viatu vyake. "Fimbo, hapana," alisema.

"Mnaona?" akasema Obiero.

Gichana alimtazama Mosoti kama mtu anayetazama ubao uliopasuka katikati ya kazi. Wilkista hakumtazama kabisa. Angemtazama angempiga.

*

Jumamosi baraza la walimu likakaa, katika kanisa lile lile, kwenye mabenchi yale yale. Padre Tindall mezani, karatasi ya kanuni mbele yake, Mosoti pembeni na kalamu, kwa kuwa bado alikuwa karani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani.

Obiero alisema kwanza, na alisema vizuri, hilo lazima mtu akubali. Hakutukana mtu. Mtoto alichelewa, aliguswa na rula, si fimbo. Baadaye akaanguka na kuni. Baba mzazi mwenyewe amesema, na nyapara yupo tayari kuthibitisha. Mwalimu Wilkista hana ubaya, ni huruma ya kina mama tu.

Huruma ya kina mama! Wilkista alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Mosoti," padre alisema. "Wewe ulikuwa shahidi. Uliona mwalimu mkuu akimvunja mtoto kidole?"

"Sikuona... sikuona vizuri, Bwana."

Padre akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na shule zake zilikuwa nyingi kuliko walimu wakuu. "Basi sina shahidi," alisema. "Mwalimu Wilkista, ulifuata hatua, na nakusifu. Lakini kanuni mliziandika nyinyi, na zinataka shahidi. Sina njia nyingine."

"Njia ipo," alisema Wilkista. "Mtoto yuko nje."

"Yuko nje?"

"Yuko chini ya ukingo wa paa na mama yake. Aulizwe."

Obiero alisimama. "Baraza hili ni la walimu! Imeandikwa. Mwanafunzi haingii."

Na kweli imeandikwa. Padre aliisoma, akainua mabega. Walimu waliguna, kila mmoja akimtazama mwenzake. Wilkista alisimama, akatoka kwenye benchi, akapita katikati ya kanisa, akafungua mlango. Hakuomba ruhusa. Alikuwa amechoka kuomba.

Bitutu aliingia na kikapu mgongoni, maana alikuwa ameacha kazi katikati, na siku hiyo nyapara atamkata mshahara. Nyatichi alimfuata, mkono umefungwa kifuani kwa kanga kuukuu.

"Mama, hapa hapana ruhusa," padre alianza.

"Nimesikia," alisema Bitutu. "Huku nje mtu anasikia kila kitu. Nimesikia mnasema hakuna aliyeona. Mtoto wangu aliona. Mkono ni wake."

Wilkista alichuchumaa mbele ya Nyatichi mpaka macho yakawa sawa.

"Nyatichi, mama, usimwogope mtu hapa. Ulianguka na kuni?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Nani alikupiga?"

"Mwalimu mkuu. Na rula. Mara ya kwanza nilitoa mkono, akanikosa, akapiga dawati." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika mpaka benchi la nyuma. "Akakasirika. Akasema nishikwe."

"Ushikwe na nani?"

Wilkista aliuliza tu ili mtoto aendelee. Hakujua. Wallahi hakujua. Nyatichi aliinua mkono mzima, wa kushoto, akanyoosha kidole kwa karani aliyekuwa mezani na kalamu.

"Na mwalimu Mosoti. Yeye ndiye alinishika mkono juu ya dawati. Aliniambia pole, lakini hakuachia."

Kalamu ya Mosoti ilianguka. Hakuiokota. Alijifunika uso na mikono ile ile, akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya kila mtu, na Wilkista hakumwonea huruma hata kidogo. Fimbo, hapana! Sikuona vizuri! Angeona vipi vizuri zaidi, alikuwa amesimama juu yake!

"Ni kweli?" padre aliuliza.

"Ni kweli," Mosoti alisema ndani ya mikono yake. "Aliniamuru. Nilidhani atapiga kidogo."

Obiero alikuwa bado amesimama, lakini shati lile halikumkaa tena vizuri. Padre alisugua macho. Alipoanza tena alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha vitabuni.

"Hili ni jambo zito. Mwalimu Mosoti ataacha kazi mwisho wa mwezi, kwa kanuni yake mwenyewe. Mwalimu Obiero hawezi kubaki katika shule ile. Nitamhamisha. Kule upande wa Londiani wanahitaji mwalimu mkuu."

Wilkista alidhani amesikia vibaya.

"Mwalimu mkuu?"

"Sina wengine wenye cheti, mwalimu. Elewa."

"Londiani kule hakuna watoto?" Sauti ilimtoka kali hata yeye ikamshtua. "Au wa Londiani hawana vidole? Anayeshika mtoto anafukuzwa, anayempiga anapewa shule nyingine! Bwana, ulituambia utazifuata kanuni kama sisi. Ulituambia ni zetu. Kama ni zetu, mimi naondoa sahihi yangu. Ifute. Siku ile niliuliza mtoto aseme kwa nani, mkacheka. Wote mlicheka. Mimi nilikaa chini nikatia sahihi, na hiyo sahihi ndiyo ilimpa huyu usiku mzima wa kumtisha baba wa mtoto. Ifute!"

Mvua ikaanza, moja moja. Kisha benchi likalia, na Gichana akasimama. Huyo hakuwahi kusema barazani tangu aajiriwe.

"Na yangu," alisema. "Ile rula niliichonga mimi. Ifute na yangu."

Akasimama mwalimu wa Sosiot. Akasimama mwingine, na mwingine. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyetoa hotuba. Walisimama tu, mmoja baada ya mwenzake, wengine wakimtazama padre, wengine wakitazama chini, mpaka waliobaki wamekaa walikuwa padre, Mosoti, na mzee mmoja wa Chepilat aliyekuwa hasikii vizuri, ambaye naye alipoona wenzake wamesimama akasimama.

Padre Tindall alizitazama shule zake zote zimesimama mbele yake. Akageuka.

"Obiero," alisema. "Leta funguo. Londiani huendi."

Obiero alitazama upande wa watu wa ziwani, nao wakatazama madirisha. Akaweka funguo mezani, akachukua kofia yake, akatoka mvuani bila kuaga.

"Haya," padre alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mnataka niandike nini?"

"Usiandike wewe," alisema Wilkista. Aliokota kalamu sakafuni, akaifuta wino kwa pindo la gauni, akaiweka mbele ya Mosoti. "Andika: mtoto akiumizwa, mtoto aulizwe kwanza, siku ile ile, kabla ya mwalimu yeyote kuambiwa."

Mosoti aliinua uso uliolowa. "Mimi? Mimi nimefukuzwa, dada. Siwezi. Mkono unatetemeka."

Wilkista alimtazama Nyatichi aliyesimama kando ya kikapu cha mama yake, kijiti kinachomoza kwenye kanga.

"Unatetemeka tu," alisema. "Wako ni mzima. Andika."